Tenga la nyanya lina mafungu mangapi?

Muulize mwenye genge yeyote wa Mbagala au Manzese tenga la nyanya linampa faida gani, atakujibu papo hapo. Atataja bei aliyonunulia, atataja bei anayouzia, atatoa moja kwenye nyingine. Muulize sasa mwezi uliopita ulimwachia kiasi gani, ataanza kucheka. Pesa ilikuja, pesa ikaondoka, watoto walikula, kodi ya meza ililipwa, na leo asubuhi amejikuta anapungukiwa pesa ya kuchukulia mzigo. Kilichotokea katikati hakijui.

Wengi hudhani tatizo ni mwezi, kwamba ni mrefu mno kuukumbuka. Mimi naona tatizo liko kwenye ile hesabu ya tenga anayoijibu haraka. Ina kosa ndani yake, na mwezi mzima ni kosa hilo hilo likijirudia kila anaporudi kutoka sokoni.

Tuchukue genge moja la mfano, lenye meza moja kando ya barabara ya mtaa wa Dar es Salaam, na mama anayeliendesha peke yake. Kwa ajili ya hesabu tuseme anauza nyanya tu. Bei nitakazotumia ni za kufundishia. Sokoni zinabadilika kila wiki, na msomaji aweke zake mahali pa hizi.

Mama huyu anadamka alfajiri kwenda soko la Ilala au Mabibo, magari ya Iringa na Morogoro yanaposhusha mzigo. Anachukua tenga moja kwa 25,000. Nauli ya daladala 1,000, kijana wa kubeba 1,000, bajaji ya kumrudisha na mzigo 4,000. Kuna na mifuko, kwa kuwa tangu Juni 1, 2019 ile ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania, mifuko mbadala inanunuliwa na mara nyingi mteja haulipii. Tuseme 2,000 kwa tenga. Jumla, nyanya zikiwa mezani tayari, zimemgharimu 33,000.

Ndani ya tenga kuna nyanya kama 500. Fungu ni nyanya tano kwa shilingi 500, basi tenga ni mafungu 100, yaani 50,000. Toa 33,000, inabaki 17,000. Hili ndilo jibu la haraka. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, tenga likiisha kwa siku mbili, ni matenga 13, na 17,000 mara 13 ni 221,000. Akitoa kodi na mambo mengine madogo, anatarajia kubaki na zaidi ya laki moja na nusu.

Hazionekani. Na hakuna aliyemwibia.

Mafungu 100 yangetimia kama nyanya zote 500 zingemfikia mteja zikiwa nzima. Fungua tenga lenyewe. Zilizo juu ni kubwa na zinang'aa, maana aliyepanga anajua mnunuzi anatazama wapi. Za chini zimebeba uzito wa zote zilizo juu kwa safari nzima ya usiku, na baadhi zimepasuka. Nyanya iliyopasuka inachuruzika maji, maji yanalowesha jirani zake, na joto la Dar linamalizia kazi. Nyanya iliyoiva sana pia inatoa hewa inayoharakisha kuiva kwa zile zilizo karibu, kwa hiyo iliyooza ikiachwa kwenye lundo inawavuta wenzake. Kisha kuna zinazolegea mezani siku ya pili. Kuna za mboga ya nyumbani jioni. Kuna ya mteja anayesema, "Mama, niongezee moja basi," naye ni mteja wa kila siku, humnyimi.

Hakuna anayeweza kuhesabu nyanya 500 kila siku mbili. Lakini kuhesabu matenga matatu tu, mara moja, kunatosha kupata picha ya kufanyia kazi. Unaweka ndoo tupu chini ya meza kwa ajili ya zile za kutupa, na badala ya kuzimwaga moja kwa moja unazihesabu jioni kabla hazijaenda jalalani. Ukipeleka nyumbani, unaandika. Ukiongeza, unachora kijiti. Mwisho wa tenga la tatu unajumlisha yote na kugawa kwa tatu.

Tuseme mama wetu amefanya hivyo na wastani wake umekuwa huu: kati ya nyanya 500, 24 zilikuwa zimeharibika wakati wa kufungua, 16 zikaozea mezani, 12 zilikwenda nyumbani, 8 zilikuwa nyongeza. Nyingine 40 zililegea, akamuuzia mama lishe wa jirani kwa ajili ya mchuzi, kumi kwa 500, akapata 2,000. Zilizobaki ni 400, mafungu 80, na thamani yake ni 40,000.

Basi tenga limeingiza 42,000, si 50,000. Toa gharama ya 33,000, linabaki 9,000. Karibu nusu ya ile 17,000 ya kichwani ilikuwa ya nyanya ambazo hazikuuzwa kwa bei ya fungu.

Hapa pana jambo ambalo hata wafanyabiashara wazoefu hulikosea. Mtu huwaza kwamba nyanya moja imemgharimu 33,000 kugawa kwa 500, yaani shilingi 66, hivyo fungu ni 330 na faida yake ni 170. Lakini zile 400 zilizouzwa kwa fungu ndizo zilizobeba gharama ya tenga zima, pamoja na ya zile zilizotupwa, zikisaidiwa kidogo na ile 2,000 ya mama lishe. Ukichukua 33,000, ukatoa 2,000, ukagawa kwa mafungu 80, fungu moja limekugharimu kama shilingi 387. Faida yake ni 112 na senti. Ukiijua namba hii, unajua pia kwamba mteja anayekuomba mafungu matatu kwa 1,200 anakuomba uuze kila moja kwa 400, na wewe utakuwa umefanya kazi ya kumbebea nyanya kutoka Ilala kwa shilingi 12 au 13 kila fungu.

Daftari lenyewe halihitaji ufundi. Kaunta buku ya kawaida inatosha, iwe na kurasa za kushoto kwa yaliyoingia na za kulia kwa yaliyotoka. Kinachotakiwa ni nafasi tatu ambazo nyingi ya daftari za magenge hazina: moja ya zilizoharibika, moja ya zilizokwenda nyumbani (nyanya na pesa pia), na moja ya waliochukua bila kulipa. Mwandishi anayeandika manunuzi na mauzo tu ameandika hadithi na kuruka sehemu ambayo watu wanakufa.

Kila jioni pia kuna hesabu fupi ya kujikagua. Asubuhi umepanga mafungu 45. Mchana ukaongeza 5. Jioni yamebaki 10, kwa hiyo 40 yameondoka, na 40 mara 500 ni 20,000. Hesabu sasa pesa ya mkononi na iliyoingia kwenye simu. Ukikuta 18,500, kuna mafungu matatu ya kuyatafuta siku hiyo hiyo ungali unakumbuka: nani alisema atarudi na chenji, mtoto gani alitumwa na mama yake, wewe mwenyewe ulinunua nini saa saba. Kesho hutakumbuka.

Sasa tuje kwenye mwezi. Kuna gharama ambazo hazijali umeuza matenga mangapi. Kwa genge hili: kodi ya meza 30,000, mlinzi wa usiku 12,000, pesa ya taka 5,000, vocha ya kuulizia bei sokoni 5,000. Kuna turubai pia, ambalo watu husahau kwa sababu hununuliwa mara moja. Kama lilinunuliwa 24,000 na huchakaa kwa mwaka, kila mwezi linadai 2,000. Jumla 54,000.

Gharama hizi hazilipwi na mauzo. Zinalipwa na kile kinachobaki baada ya mauzo kurudisha pesa ya tenga, yaani zile 9,000. Gawa 54,000 kwa 9,000, unapata sita. Matenga sita ya kwanza ya mwezi yanafanya kazi kwa ajili ya mwenye meza, mlinzi, gari la taka na turubai. Mama hajapata hata shilingi. Ukipenda kuhesabu kwa mafungu, ni 480 kwa mwezi, karibu 19 kwa siku. Akiuza 19 hajapata wala hajapoteza. Fungu la ishirini ndilo la kwanza kumlipa yeye.

Kwa kuwa anauza matenga 13, matenga saba yanavuka mpaka huo. Saba mara 9,000 ni 63,000. Hiyo ndiyo faida yake ya mwezi kwa nyanya. Ile ya kichwani ilikuwa 221,000 kutoa 54,000, yaani 167,000. Tofauti ni 104,000, na yote imepita kwenye ndoo ya chini ya meza, kwenye sufuria la nyumbani, kwenye nyongeza na kwenye bei ya kumalizia.

Vitabu vingi vya biashara ndogo huishia hapo. Vinakuchorea mpaka wa kurudisha gharama kama kigingi kilichopigwa ardhini, ukikipita umefaulu. Kwa muuza vocha au muuza ndala ni sawa, maana ndala isiyouzwa leo itauzwa mwezi ujao ikiwa vile vile. Kwa nyanya, samaki, maziwa au chapati, kigingi hicho kinasogea, na kinasogea upande mbaya wakati mbaya.

Chukua wiki ambazo watu hawana pesa, baada ya ada za shule kwa mfano. Tenga lililokuwa likiisha kwa siku mbili sasa linaisha kwa tatu. Mtu atasema mauzo yamepungua kwa theluthi, basi na faida itapungua kwa theluthi. Lakini siku ya tatu ndiyo siku ya kuoza. Tuseme inaongeza nyanya 40 zinazoharibika: 20 za kutupa na 20 za kumuuzia mama lishe. Mafungu mazuri sasa ni 72, yaani 36,000, na zilizolegea zinaleta 3,000. Tenga limeingiza 39,000 na limeacha 6,000 badala ya 9,000. Gawa 54,000 kwa 6,000. Mpaka wa kurudisha gharama umeruka kutoka matenga sita hadi tisa.

Na kwa mwendo wa siku tatu kwa tenga, siku 26 zinamaliza matenga manane na kitu. Hafiki tisa. Mwezi uliokuwa na faida ya 63,000 umekuwa wa hasara ndogo, na meza bado ina wateja kila siku, bado pesa inapita mikononi, bado anaonekana anafanya biashara. Ndiyo maana hasara ya namna hii haigunduliwi kwa macho.

Dawa yake inaonekana kwenye daftari kabla ya mwezi kuisha. Ukiona ndoo ya zilizoharibika imeanza kujaa zaidi ya kawaida kwa matenga mawili mfululizo, punguza mzigo. Gawana tenga na mwenzako wa meza ya pili na mshirikiane bajaji, au nunua kwa ndoo na sado hata kama kila nyanya inakuja kwa bei ya juu kidogo. Wengi hukataa kwa sababu bei ya sado inawauma. Linganisha na daftari: siku ya tatu ilikugharimu 3,000 kwa tenga. Kama kununua kidogo kidogo kunakuongezea gharama chini ya hapo, ni bora.

Msimu nao una yake. Kati ya Machi na Mei mvua za masika zinaharibu mashamba kwa ukungu, barabara za vijijini zinakwama, na bei ya tenga inapanda. Tuseme imefika 35,000. Gharama mezani sasa ni 43,000. Akiendelea na fungu la nyanya tano, tenga linaingiza 42,000 ile ile, na kila tenga analouza anapoteza 1,000. Hapa hakuna mpaka wa kurudisha gharama wa kuutafuta. Hata akiuza matenga mia, hasara itaongezeka tu. Kuongeza juhudi katika hali hii ni kuongeza shimo.

Sokoni kwetu bei ya fungu haipandi kirahisi, kwa sababu mteja anatoka nyumbani na sarafu yake ya 500 mkononi. Kinachobadilika ni fungu. Akiweka nyanya nne badala ya tano, zile 400 nzuri zinatoa mafungu 100, yaani 50,000, na pamoja na za mama lishe ni 52,000. Toa 43,000, amerudi kwenye 9,000 yake, ukiacha mifuko kidogo itakayoongezeka. Hesabu imekaa sawa kwa sharti moja, kwamba tenga bado linaisha kwa siku mbili. Wateja wakilalamika na kuhamia meza ya jirani, siku ya tatu inarudi. Ndiyo sababu ni busara kubadili fungu siku ile ile wengine wanapobadili, na kuandika tarehe, ili wiki ijayo uone kama ndoo ya chini imejaa zaidi.

Nimeacha mwisho swali gumu zaidi: mama anajilipa nini? Ile 63,000 ni ujira wa kudamka kila alfajiri na kukaa juani hadi usiku. Ukigawa kwa siku 26 ni kama 2,400 kwa siku. Sasa tuseme kila siku anachukua 3,000 mezani kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Haonekani mbadhirifu hata kidogo. Lakini 3,000 mara 26 ni 78,000, na genge limemzalishia 63,000. Ile 15,000 iliyozidi imetoka kwenye mtaji.

Alianza na mtaji wa 60,000. Mwezi wa kwanza ukiisha anabaki na 45,000, wa pili 30,000. Tenga, pamoja na usafiri wake, linataka 33,000. Mwezi wa tatu unapoanza hawezi kuchukua mzigo kamili, na hapo ndipo wakopeshaji wa kausha damu wanapopata mteja. Akikopa 100,000 na kurudisha 120,000 ndani ya mwezi, zile 20,000 za juu ni gharama na ziandikwe pamoja na kodi ya meza; 54,000 inakuwa 74,000, na matenga ya kurudisha gharama yanapanda kutoka sita hadi nane na kitu. Ile 100,000 yenyewe si gharama wala si mapato, na asiiandike kwenye mauzo, kosa ambalo huufanya mwezi wa mkopo uonekane mwezi wa neema.

Kuna njia ya pili ya kuupima mwezi, na ni vizuri kuifanya hata kama daftari linajazwa kila siku, maana njia mbili zinakaguana. Siku ya mwisho, orodhesha kila kitu cha biashara kilichopo: pesa mkononi, pesa kwenye simu, nyanya zilizo mezani kwa bei uliyonunulia, na madeni ya watu unaoamini kweli watalipa. Toa unachodaiwa. Kisha linganisha na ulichokuwa nacho siku ya kwanza.

Kwa mama wetu wa mwezi wa kwanza, daftari linasema anapaswa kuwa na 45,000, yaani 60,000, ongeza faida ya 63,000, toa 78,000 alizopeleka nyumbani. Tuseme anakuta mkononi 20,000, kwenye simu 5,000, nyanya za 10,000, naye anamdai mama lishe 3,000. Jumla ni 38,000. Zinakosekana 7,000. Zikigawanywa kwa siku 26 hazifiki 300 kwa siku, kwa hiyo hakuna haja ya kumtafuta mwizi; pesa ya ukubwa huo ni soda ya mchana, chenji iliyozidi, fungu la jirani lisiloandikwa. Kama zingekosekana 40,000, mahali pa kwanza pa kutazama ni wastani wa zilizoharibika. Ulihesabiwa kwenye matenga matatu ya wiki nzuri, na inawezekana wiki ya mwisho ya mwezi haikufanana nayo hata kidogo.